Kivuli Kinachopima Unene

Dada mmoja anayeuza vifaa vya kuandikia mtandaoni hapa Dar es Salaam alinionyesha picha za duka lake kwenye simu. Zote zilipigwa kutoka juu: vitu vimelazwa mezani, kamera imeinama juu yake kama mtu anayechungulia kisimani. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na daftari la A5 lenye jalada gumu la kitambaa cha kijani, kurasa 240, unene wa karibu sentimita moja na nusu. Kwenye picha lilionekana kama kipande cha karatasi ya kijani kilichobandikwa juu ya karatasi nyeupe.

"Kaka, kila siku wananiuliza kama hili ni daftari kamili au ni jalada tu," aliniambia. "Nimeandika kurasa 240, lakini hawasomi. Wanaangalia picha."

Nikamuuliza alimwagiza nini mpiga picha wake. Akanisomea ujumbe aliomtumia: piga kwa juu, weka vikorombwezo kidogo, iwe safi. Mpiga picha alitimiza alichoambiwa. Picha zilikuwa safi kweli, na mwanga ulitoka pande zote hata kivuli kikapotea kabisa. Kivuli kilipoondoka, unene wa daftari uliondoka nacho.

Tukitazama kitu kwa ubavu, urefu na kina chake tunaviona wenyewe. Tukikitazama kutoka juu, moja kwa moja, tunaona upana na urefu wake tu, kama ramani ya shamba. Kimo hakionekani popote. Kifutio, kalkuleta na sanduku la klipu vyote vinakuwa maumbo ya rangi. Katika picha ya namna hii, ushahidi mkubwa wa kimo uliobaki ni kivuli: kitu kinene humwaga kivuli kirefu kando yake, kitu chembamba humwaga kifupi, na jicho la mnunuzi hulinganisha viwili hivyo bila yeye kujua kwamba analinganisha. Kwa hiyo anayetaka kueleza picha ya kutoka juu kwa maneno, awe ni mwenye duka anayeagiza au mpiga picha anayejipangia kazi, aanze na kivuli. Kinaangukia upande gani, kina urefu gani, na ukingo wake umefifia kiasi gani. Mambo mengine yatafuata hapo.

Tuliamua kupiga upya, nyumbani kwake, kwa simu. Bidhaa ilikuwa seti moja: daftari la kijani, kalkuleta nyeusi ya mezani na sanduku dogo la klipu za karatasi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mwanga. Watu wengi hudhani kivuli laini hutokana na mwanga hafifu, lakini kinachokifanya kiwe laini ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kikilinganishwa na umbali wake. Jua ni kubwa mno, lakini liko mbali kiasi kwamba angani linaonekana dogo, basi mwanga wake hukata kivuli kama kwa wembe. Balbu moja ya dari hufanya vivyo hivyo. Dirisha pana lililo karibu ni jambo jingine. Kila sehemu ya dirisha hutupa kivuli chake cha daftari, na vivuli hivyo havilingani kabisa. Vinalaliana, na ukingo unafifia taratibu kutoka weusi kwenda weupe. Ukisogeza meza karibu na dirisha, kivuli kinalainika zaidi. Ukiirudisha nyuma, kinakazika.

Ila ukubwa peke yake hautoshi. Mwanga uwe mkubwa, na pia utoke upande mmoja. Siku ya mawingu, nje uwanjani, mbingu yote ni taa moja kubwa inayomulika kutoka kila upande, na ndiyo maana picha zilizopigwa hapo hazina kivuli cha maana. Dirisha au mlango wa barazani hutoa vyote viwili pamoja.

Vitabu vingi vya upigaji picha hushauri dirisha linalotazama kaskazini. Ushauri huo ni sahihi kwa Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga bila miale ya jua. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na hapa jua hubadilisha upande. Kuanzia mapema Machi hadi yapata tarehe 10 Oktoba, jua la mchana liko kaskazini mwetu, na dirisha tulivu ni la kusini. Miezi iliyobaki liko kusini, na dirisha tulivu ni la kaskazini. Mwenye duka anayepiga picha za bidhaa mwaka mzima chumba kimoja atashangaa kuona picha za Julai zina vivuli vikali ilhali za Desemba zilikuwa laini, kumbe hakubadilisha kitu chochote. Kama huna dirisha la upande unaofaa, tundika shela nyeupe nyepesi dirishani. Miale ikiigonga, shela yenyewe inakuwa ndiyo taa.

Sisi tulikuwa mwezi wa Julai, kwa hiyo tukahamia chumba cha kusini. Tukazima taa zote za umeme. Sababu ni kwamba mwanga wa taa una rangi tofauti na wa dirishani, na kamera haiwezi kurekebisha zote mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja wa picha unakuwa na unjano na mwingine ubuluu. Tukalaza sakafuni ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi ya kijivu cha majivu isiyong'aa. Karatasi nyeupe ingefaa kwa daftari, lakini kwenye nyeupe tupu kamera hujidanganya: hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na karatasi yako inatoka na rangi ya moshi. Kwenye kijivu chepesi shida hiyo ni ndogo, na kivuli bado kinaonekana vizuri.

Kisha tukapima urefu wa kivuli, na kipimo chenyewe ni rahisi sana. Simamisha kalamu wima mahali bidhaa itakapokaa, uangalie kivuli chake kina urefu gani ukilinganisha na kalamu yenyewe. Mimi hupenda kivuli chenye urefu wa mara moja na nusu ya kitu. Kikizidi mara mbili, picha inaonekana ya jioni na vivuli vinapandana. Kikiwa chini ya nusu, unene unaanza kupotea tena. Kubadilisha urefu huo hakuhitaji mtambo wowote: ukiinua ubao hadi usawa wa kizingiti cha dirisha, mwanga unakuja kwa ulalo na kivuli kinarefuka, ukiushusha sakafuni karibu na ukuta, mwanga unashuka kutoka juu na kivuli kinafupika. Tulipofika mara moja na nusu, daftari letu lilikuwa na kivuli cha sentimita mbili na kidogo. Ghafla lilikuwa kitabu.

Upande wa pili wa ubao, mkabala na dirisha, tulisimamisha karatasi nyeupe ya manila. Inarudisha mwanga kidogo ndani ya kivuli ili kisiwe shimo jeusi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuisogeza mno. Manila ikiwa karibu sana, kivuli kinafutika na vitu vinaanza kuelea hewani. Mimi huangalia sakafu ya kivuli: kama bado naona mikwaruzo ya ubao ndani yake, na bado naona wazi mpaka wa kivuli unapoishia, nimefika.

Kuna jambo moja la mwelekeo ambalo picha ya kutoka juu inalo peke yake. Ubao ukiwa sakafuni, hauna juu wala chini. Wewe ndiye unayeamua upande upi utakuwa juu ya picha. Ubongo wetu umezoea mwanga unaotoka juu, kwa kuwa jua na taa viko juu. Jalada la daftari hili lina jina la kampuni lililoinuliwa kwa kukandamizwa kutoka ndani. Tulipoipiga picha huku dirisha likiwa upande wa chini, herufi zilionekana zimechimbwa ndani ya kitambaa. Tukazungusha kila kitu, dirisha likawa juu kushoto mwa picha, na herufi zilezile zikainuka. Hatukugusa kitu kingine. Nikamwambia dada abandike utepe wa gundi sakafuni kuonyesha ubao unakaa wapi na dirisha liko upande gani, maana kwenye ukurasa wa duka picha hukaa safu kwa safu, na vivuli vikielekea huku na kule ukurasa mzima unaonekana umeokotezwa.

Sasa mpangilio. Mwaka 1987, katika karakana ya samani ya msanifu majengo Frank Gehry huko Los Angeles, mfanyakazi wa usafi aitwaye Andrew Kromelow alikuwa na mazoea ya kukusanya zana zilizozagaa na kuzipanga kwa pembe mraba, kila moja sambamba na mwenzake. Karakana wakati huo ilikuwa ikitengeneza viti vya kampuni ya Knoll, ambayo samani zake zinajulikana kwa pembe kali, basi yeye akakiita kitendo hicho kwa jina la kampuni. Msanii Tom Sachs, aliyefanya kazi humo, alilibeba neno hilo na kulieneza. Mtindo huo wa Kromelow umetapakaa leo kwenye picha za vifaa vya ofisini na vya umeme, na unafaa, kwa sababu daftari, kalkuleta na sanduku vyote vina pembe mraba tayari.

Ugumu wake ni nafasi kati ya kitu na kitu. Jicho linataka nafasi zilingane, lakini kivuli kinakula sehemu ya nafasi. Daftari letu lilikuwa kushoto, upande wa mwanga, na kalkuleta kulia kwake. Tulipoacha sentimita mbili, kivuli cha daftari kilijaza mwanya wote na kupanda kwenye ukingo wa kalkuleta, na vitu viwili vikaungana kuwa kimoja. Tukafungua hadi sentimita nne. Kivuli kikapata mahali pa kuishia, ukabaki ukanda mwembamba wa ubao uliomulikwa, ndipo kalkuleta ikaanza. Ukanda huo ndio unaotenganisha vitu.

Dada alitaka kikombe cha chai kwenye pembe ya picha, cha kutia uhai. Kikombe chake kilikuwa na kimo cha sentimita 9, na kwa kipimo chetu kivuli chake kilikuwa sentimita 13 na nusu, yaani karibu urefu wa kalamu nzima, kikivuka katikati ya picha. Zaidi ya hapo, kikombe kilionekana kimelala. Hili la pili linatokana na kamera kuwa karibu. Simu ikiwa sentimita 50 juu ya ubao, na kikombe kikiwa sentimita 20 kutoka katikati, mdomo wa kikombe uko karibu zaidi na kamera kuliko kitako, basi kwenye picha mdomo unasukumwa nje kwa zaidi ya sentimita 4 na tunaona ubavu wake. Picha inayojidai imetoka juu moja kwa moja inaanza kuyumba. Dawa ni kupanda juu. Tuliinua simu hadi sentimita 100 kwenye stendi, tukabonyeza 2x kwenye skrini, na eneo lililoonekana lilibaki lilelile. Mdomo sasa ulisogea sentimita 2 tu. Kisha tukabadilisha kikombe chenyewe: tukachukua kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa barazani kisicho na mkono, chenye kimo cha sentimita 5. Mdomo ukasogea sentimita moja. Tukakiweka pembe ya chini kulia, mbali kabisa na dirisha, ili kivuli chake kimwagikie nje ya picha.

Kwa stendi, hakikisha simu imelala sambamba na ubao. Simu nyingi huonyesha alama za msalaba katikati ya skrini kamera inapotazama chini, na alama zikikutana simu imelala sawa. Simu isiyo na alama hizo, tazama daftari. Ukingo wake wa juu ukionekana mfupi kuliko wa chini, simu imeinama. Usijaribu kunyoosha baadaye kwa kukata picha, kwa kuwa kukata hakurudishi pembe mraba zilizopotea.

Kalkuleta ilitusumbua kuliko vyote. Kioo chake kidogo kililala bapa, na kitu bapa kinachong'aa, kikitazamwa moja kwa moja kutoka juu, humrudishia mtazamaji sura yake mwenyewe. Tuliona kamera ya simu, kichwa changu na dari. Mwanga wa dirisha haukuwa tatizo, maana unakuja kwa ulalo na kurukia upande wa pili bila kuingia kwenye lenzi. Tatizo lilikuwa vilivyo juu ya kioo. Nilikata tundu kwenye kipande cha kadibodi nyeusi, nikapitisha lenzi humo, nikakishika usawa na simu na kurudi nyuma. Kioo kikarudisha weusi mtupu, na namba zikasomeka. Saa, simu na spika zenye uso wa kung'aa hushikwa kwa njia hiyohiyo.

Tulipomaliza, nilimsaidia dada kuandika upya yale maelezo, ili siku nyingine amtumie mpiga picha yeyote na apate picha inayolingana na hii. Aliyaandika hivi:

"Picha ya mraba, kamera juu moja kwa moja, mita moja kutoka kwenye ubao, eneo la nusu mita kwa nusu mita. Ubao wa kijivu chepesi usiong'aa. Dirisha moja juu kushoto, taa zote zimezimwa. Vivuli vinaangukia chini kulia, urefu wa mara moja na nusu ya kimo cha kitu, ukingo umefifia, mikwaruzo ya ubao inaonekana ndani ya kivuli. Daftari la kijani kushoto, kalkuleta na sanduku la klipu kulia kwake, vyote sambamba na kingo za picha, nafasi ya sentimita nne kati yao. Kikombe kidogo cha kahawa pembe ya chini kulia, nusu yake nje ya picha. Sehemu ya juu kulia iachwe wazi kwa maandishi ya bei. Kioo cha kalkuleta kisionyeshe kitu."

Ukisoma maelezo hayo huoni neno safi wala neno nzuri. Kila kilichomo kinaweza kukaguliwa kwa rula au kwa macho, na mpiga picha na mwenye duka hawawezi kubishana kama kimefanyika.

Duka lilihitaji pia maelezo mengine mafupi, yale yanayofichwa nyuma ya picha ili programu ya simu imsomee mteja asiyeona, au yajitokeze mtandao unapokuwa dhaifu na picha haifunguki. Hapo kivuli hakina kazi. Kazi yake ifanywe na namba. Tuliandika: "Daftari la A5 lenye jalada gumu la kitambaa cha kijani, kurasa 240, unene wa sentimita moja na nusu, pamoja na kalkuleta nyeusi ya mezani na sanduku la klipu." Kikombe hatukukitaja, kwa kuwa hakiuzwi.

Kosa nililolifanya mimi lilijitokeza wiki iliyofuata. Nilikuwa nimelaza kalamu yangu juu ya daftari, kalamu ya fedha, ili mtu akadirie ukubwa. Ilikaa vizuri, sambamba na mgongo wa daftari, nzima ndani ya picha kama bidhaa nyingine. Mteja wa Morogoro alipokea mzigo wake, akapiga simu kuuliza kalamu iko wapi. Alikuwa na haki. Kalamu ni kifaa cha kuandikia, duka ni la vifaa vya kuandikia, na mimi niliipanga kama sehemu ya seti. Dada alimtumia kalamu kwa gharama yake.

Tulirudi kwenye utepe wa sakafuni tukapiga tena. Kikombe kilibaki, kwa kuwa hakuna anayetarajia kutumiwa kikombe na duka la madaftari, na nusu yake ilikuwa imekatwa na ukingo wa picha, jambo ambalo humwambia mtazamaji kwamba hicho ni cha mazingira. Badala ya kalamu tuliweka miwani ya kusomea, nayo ikiwa mkono mmoja nje ya picha. Bado inaonyesha ukubwa, kwa sababu kila mtu anajua miwani ni kubwa kiasi gani. Na kwenye yale maelezo ya mpiga picha dada aliongeza mstari mmoja mwishoni: kinachouzwa kionekane kizima, kisichouzwa kikatwe na ukingo.